Video imerudishwa na kituo cha TV kwa sababu ya leveli: pa kuanzia na jinsi ya kurekebisha

Swali linalonifikia mara nyingi huja na picha ya ripoti, na chini yake maneno matano: "Fundi, hii ina maana gani?" Ripoti imeandikwa kwamba luma, yaani mwangaza wa picha, imepita juu, au RGB iko nje ya mipaka, na video haitarushwa mpaka irekebishwe. Mwenye video ameitazama kwenye laptopu, kwenye simu na kwenye TV ya sebuleni, na haoni kasoro. Basi huwa nawajibu mmojammoja. Nimechoka kidogo, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Nitatumia mfano wa video ya kwaya ya dakika nne na nusu niliyoletewa baada ya kukataliwa. Nusu ilipigwa nje juani, wanakwaya wakiwa na mashati meupe. Nusu nyingine ilipigwa ukumbini chini ya taa za LED za buluu, na chini ya picha yanapita maneno ya wimbo kwa njano. Ripoti ilikuwa na makosa mawili: luma kupita juu kwenye shoti za nje, na RGB kuwa nje ya mipaka ukumbini, kuanzia dakika 1 na sekunde 12, kwa asilimia 4.6 ya eneo la picha.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Projekti yenyewe ya uhariri. Kurekebisha faili lililokwisha kurendwa kunawezekana, lakini unakuwa unafua shati huku mtu kalivaa.
- DaVinci Resolve, hata ile ya bure. Ukitumia programu nyingine hatua ni zilezile, majina ya vitufe tu ndiyo yatabadilika.
- FFmpeg kwenye kompyuta, kwa ajili ya kupima.
- Ripoti nzima ya ukaguzi. Mstari mmoja uliotumiwa kwenye WhatsApp hautoshi.
- Karatasi ya masharti ya kiufundi ya kituo husika. Iombe. Kituo kimoja hukubali mpaka asilimia 105, kingine kinataka 103, na kuna wanaotaka 100 kamili.

Nadharia kidogo tu

Katika video ya televisheni ya biti 8, weusi unakaa kwenye namba 16 na weupe kwenye 235. Kwa biti 10 ni 64 na 940. Kompyuta na simu zimezoea 0 mpaka 255, na mgongano huo ndio chanzo cha nusu ya matatizo. Kwenye skopu, yaani grafu inayoonyesha leveli za picha, 16 huitwa asilimia 0 na 235 huitwa asilimia 100.

Mwongozo unaotajwa sana ni EBU R 103 wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Unataka luma, pamoja na kila moja ya rangi tatu yaani nyekundu, kijani na buluu, zikae kati ya asilimia -5 na 105. Pikseli zilizotoroka zikiwa chini ya asilimia 1 ya picha, zinasamehewa. Zingatia hilo la rangi tatu, maana ndilo linalowaangusha watu wengi.

Hatua ya 1: Jua kama kosa ni la faili zima au la shoti chache

Usiguse kitu kabla ya kujibu swali hili. Soma nyakati zilizoandikwa kwenye ripoti. Kama makosa yanaanza fremu ya kwanza na kuendelea mpaka mwisho, hasa kama hata fremu nyeusi tupu ya mwanzo imelalamikiwa, basi tatizo ni namna ulivyorenda. Hapo huna haja ya kugusa rangi hata kidogo. Kama makosa yanakuja na kuondoka pamoja na shoti, tatizo limo ndani ya picha.

Niliwahi kupoteza usiku mzima kwa kuruka hatua hii. Nilishusha weupe wa shoti arobaini na kitu, moja baada ya nyingine, na asubuhi faili likarudishwa tena. Kumbe wakati wa kurenda nilikuwa nimechagua Full, kwa kuwa picha ilionekana na nguvu zaidi kwenye laptopu yangu. Ilikuwa ni kubadili kitufe kimoja.

Hatua ya 2: Pima lile faili ulilotuma

Fungua dirisha la amri kwenye folda yenye faili, uulize kwanza faili linajitambulisha vipi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_range,color_space -of default=nw=1 kwaya.mov
```

Unatarajia `color_range=tv` na, kwa HD, `color_space=bt709`. Ukiona `pc`, faili linasema limetumia 0 mpaka 255. Ukiona `unknown`, halijasema kitu, na hilo peke yake si kosa.

Angalizo: hiyo ni lebo tu. Lebo ya gunia ikiandikwa sukari, chumvi iliyomo haigeuki sukari. Kuna wanaobadili `color_range` kuwa `tv` kwa amri moja na kutuma faili tena, wakashangaa limerudi. Mashine ya ukaguzi inasoma namba za pikseli zenyewe. Kwa hiyo pima namba:

```
ffmpeg -i kwaya.mov -vf "signalstats=stat=brng,metadata=print:key=lavfi.signalstats.BRNG:file=vipimo.txt" -an -f null -
```

Faili la `vipimo.txt` litakuwa na mistari miwili kwa kila fremu: wakati wake, kisha BRNG, ambayo ni sehemu ya pikseli zilizo nje ya 16 hadi 235 kwa luma, au 16 hadi 240 kwa kroma, yaani upande wa rangi. Namba 0.06 maana yake asilimia 6 ya picha.

Kwenye ile video ya kwaya, shoti za nje zilitoa BRNG ya karibu 0.06. Sawa, mashati yale yalikuwa yamepita kweli. Lakini kwenye dakika 1 na sekunde 12, ambapo ripoti ilisema asilimia 4.6, mimi nilipata 0.0003. Kidogo nimpigie simu fundi wa kituo kumwambia mashine yake ina wazimu. Bahati nzuri sikupiga. Sababu utaiona hatua ya 6.

Hatua ya 3: Ijaribu njia yako ya kurenda kwa picha unayoijua

Tengeneza taimlaini mpya, uweke jenereta ya Grey Scale kwa sekunde tano. Hiyo ni picha inayotoka weusi kamili kwenda weupe kamili, kwa hiyo unajua mapema inapaswa kutoa namba gani. Irende kwa mipangilio ileile unayotumia kwa kazi ya kituo, kisha:

```
ffmpeg -i jaribio.mov -vf "signalstats,metadata=print:file=jaribio.txt" -an -f null -
```

Tafuta YMIN na YMAX, yaani luma ya chini kabisa na ya juu kabisa, katika fremu yoyote ya katikati. Yanaweza kutokea mambo matatu.

Ukipata 64 na 940 (au 16 na 235 kama kodeki yako ni ya biti 8), njia yako ni safi. Tofauti ya namba moja au mbili inatokana na ukandamizaji, usiijali.

Ukipata namba zilizo karibu na 0 na 1023, au 0 na 255 kwa biti 8, unarenda kwa Full. Nenda ukurasa wa Deliver, fungua Advanced Settings, na kwenye Data Levels chagua Video. Usiache Auto. Auto mara nyingi huchagua sawasawa, lakini kazi ya kituo si ya kubahatisha.

Ukipata kama 119 na 869, yaani 30 na 218 kwa biti 8, picha imebanwa mara mbili. Mahali fulani imegeuzwa kutoka 0–255 kwenda 16–235, kisha ikageuzwa tena. Hapo weusi unaelea kwenye asilimia 6 na weupe unaishia 92. Faili kama hili mara nyingi hupita ukaguzi, kwa kuwa lipo ndani ya mipaka, lakini hewani linaonekana limefifia kama nguo iliyosahaulika juani. Ukiiona hali hiyo, tafuta mahali palipogeuza mara ya pili. Kwa kawaida ni programu ya pili uliyoitumia kubadili kodeki baada ya Resolve.

Hatua ya 4: Angalia klipu zilizosomwa vibaya

Sasa rudi kwenye projekti. Klipu zinazokorofisha hapa ni zile zilizorekodiwa kwenye skrini ya kompyuta, baadhi ya za simu, na grafiki zilizorendwa kama video na mtu mwingine. Bofya klipu kitufe cha kulia, fungua Clip Attributes, utakuta Data Levels yenye Auto, Video na Full.

Badili kati ya Video na Full huku ukitazama skopu. Klipu ya Full iliyosomwa kama Video itakuwa na weusi uliozama chini ya mstari na weupe uliojikusanya juu. Klipu ya Video iliyosomwa kama Full itakuwa na weusi unaoelea. Chagua ile ambayo weusi wa kweli, kwa mfano kivuli kizito au fremu iliyopigwa gizani, unakaa juu kidogo tu ya sifuri.

Jambo moja kuhusu skopu ya Resolve linalowachanganya wageni: namba zake 0 hadi 1023 si namba zitakazoandikwa kwenye faili. Sifuri ya pale ndiyo itakayokuwa 64, na 1023 ya pale ndiyo itakayokuwa 940. Mtu akisoma kwamba weusi halali ni 64, kisha akainua picha yake yote mpaka 64 kwenye skopu hiyo, amejitengenezea mwenyewe weusi unaoelea. Nimeikuta hiyo zaidi ya mara moja. Ukiweza, igeuze skopu isome kwa asilimia na mjadala uishe.

Hatua ya 5: Shusha weupe uliopita

Kamera nyingi hurekodi juu ya 235, mpaka 254 au 255, ambayo ni kama asilimia 109. Si ubovu. Kamera inakuachia akiba juu ya dari, na mhariri ndiye anayepaswa kuishusha.

Fungua skopu ya Waveform kwenye shoti ya nje. Kwa yale mashati, mstari wa juu ulikuwa umejipanga kama paa la bati. Shusha Gain polepole. Hapa kuna cha kutazama: ule mstari bapa ukishuka huku ukifunguka, mikunjo ya shati ikaonekana, basi maelezo yalikuwepo juu ya dari na umeyaokoa. Ukishuka ukiwa bapa vilevile, kamera ndiyo iliyounguza, na hakuna cha kuokoa. Shusha tu uingie ndani ya mipaka.

Usishushe mpaka 100 kamili. Lenga 97 au 98. Kodeki ya mwisho ikikandamiza picha, kingo kali kama kola nyeupe juu ya koti jeusi hutoa vijipikseli vinavyoruka juu kidogo ya pale ulipoacha. Ukiacha kwenye 100, vinatua 102 au 103. Ukiwa umeacha 98 hulali na wasiwasi.

Na usishushe video nzima kwa ajili ya shati moja. Nimeona watu wakiweka Gain ya jumla kwenye taimlaini yote, sura za watu ukumbini zikawa kama zimepakwa majivu. Shoti za nje zina tatizo lao, zishughulikie zenyewe.

Hatua ya 6: Rangi zilizotoka nje, na kwa nini skopu ya luma haizioni

Hapa ndipo penye kazi, tuchukue muda.

Turudi kwenye ule ukumbi wa taa za buluu. Nilichukua pikseli moja ya ukuta wa nyuma na kusoma namba zake: luma 60, na kroma zake mbili, Cb 230 na Cr 83. Zote tatu ziko ndani ya mipaka. Ndiyo maana BRNG ilinyamaza. Lakini televisheni ya mtazamaji haionyeshi luma na kroma, inaonyesha nyekundu, kijani na buluu. Geuza namba hizo tatu kwa kanuni ya Rec. 709, ile bt709 ya hatua ya 2, na utapata nyekundu asilimia -12, kijani 21, buluu 105.

Soma tena. Taa ni ya buluu, macho yote yako kwenye buluu, na buluu yenyewe imegusa tu mpaka. Iliyoangusha video ni nyekundu, iliyozama chini ya sifuri. Ni kawaida kwa taa za LED: rangi moja inapokuwa kali mno kwenye picha yenye giza, nyingine inasukumwa chini ya sakafu. Kwa taa ya zambarau inayozama ni kijani.

Kwa hiyo usitumie Waveform hapa. Fungua skopu ya Parade, ile yenye nguzo tatu za nyekundu, kijani na buluu. Kwenye shoti yenye shida utaona nguzo ya nyekundu imekanyaga chini kabisa, imejikusanya kama masimbi ndani ya kikombe.

Kama unataka namba badala ya kukadiria kwa macho, amri hii inapaka nyeupe kila pikseli ambayo nyekundu yake imetoka nje ya -5 na 105, kisha inapima weupe huo:

```
ffmpeg -i kwaya.mov -vf "scale=640:-2,format=yuv444p,geq=lum='255*gt(abs((lum(X,Y)-16)/219+1.5748*(cr(X,Y)-128)/224-0.5),0.55)':cb=128:cr=128,signalstats,metadata=print:key=lavfi.signalstats.YAVG:file=nyekundu.txt" -an -f null -
```

Kwa buluu, badili `1.5748*(cr(X,Y)-128)` iwe `1.8556*(cb(X,Y)-128)`, na ubadili jina la faili la majibu. Amri ni ya polepole, ipe muda. Gawa YAVG, yaani wastani wa luma ya fremu, kwa 255 upate sehemu ya picha iliyo nje. Asilimia 1 ni YAVG ya 2.55, kwa hiyo chochote chini ya hapo kiko salama kwa R 103. Kwangu ilitoka 11.7, yaani asilimia 4.6. Fundi wa kituo alikuwa sahihi.

Sasa tengeneza. Kwenye ukurasa wa Color ongeza nodi mpya, chukua Qualifier, bofya ule ukuta wa buluu. Lainisha kingo za uchaguzi ili mpaka usionekane. Kwenye nodi hiyo shusha Saturation. Resolve huanzia 50, kwa hiyo 38 ni kama robo tatu ya rangi ya awali. Kwa pikseli yetu, hesabu inaleta nyekundu kutoka -12 mpaka karibu -4. Ipo ndani ya mpaka, lakini kwa kubana. Badala ya kuendelea kuua rangi, inua Lift ya eneo hilohilo kidogo sana, mpaka ule mkusanyiko chini ya nguzo ya nyekundu uachie sakafu. Ukuta unapata mwanga kidogo, nyekundu inapanda juu ya sifuri, na buluu inabaki buluu.

Hii ndiyo siri ya hatua nzima: rangi iliyotoka nje unaweza kuiokoa kwa kupunguza ukali, kwa kuongeza mwanga, au kwa kidogo cha kila kimoja. Wanaoanza hutumia ukali peke yake na kuishia na picha iliyonyauka. Mwalimu wa kwaya alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, "Fundi, mbona ukuta wetu umepauka?" Nilikuwa nimeshusha mpaka 25. Nikarudi 38, nikainua Lift, akaridhika.

Kuwa mwangalifu na nyuso. Ngozi iliyopigwa taa ya buluu ukiishusha rangi kwa nguvu inageuka kijivu. Kama sura imo ndani ya uchaguzi wako, itoe kwa kuzungushia umbo, uishughulikie kwenye nodi yake.

Hatua ya 7: Maandishi, kisha kizuizi cha mwisho

Maandishi ya njano yenye RGB 255, 255, 0 yamesimama ukingoni kabisa mwa korongo. Yakikandamizwa, kingo zake zinatoka nje. Weka kama 235, 225, 40. Nyeupe weka 230 kwa zote tatu, ambayo ni karibu asilimia 90. Kwenye TV mtazamaji ataiona nyeupe tu.

Baada ya kurekebisha shoti kwa mkono, ndipo unaweka kizuizi, si kabla. Kiweke juu ya kila kitu pamoja na maandishi. Kwenye Color, badili kutoka Clip kwenda Timeline, na kwenye nodi hiyo tumia Soft Clip iliyo kwenye Curves: bana juu na chini taratibu ukitazama Parade. Au nenda Project Settings, ukurasa wa Color Management, kwenye sehemu ya Broadcast Safe, chagua 0 hadi 100 na uwashe Make broadcast safe.

Kwa nini nisikuambie uweke kizuizi tangu mwanzo tukalale? Kwa sababu kizuizi hukata kila rangi peke yake bila kujali nyingine. Kikikata nyekundu ya ule ukuta, maeneo yote yaliyokuwa na tofauti kati ya -3 na -12 yanakuwa sifuri moja, na ukuta unageuka bapa, wenye mabaka. Kizuizi ni cha kunasa vijipikseli vilivyobaki.

Hatua ya 8: Renda, upime faili la mwisho

Pima faili lilelile utakalotuma, katika kodeki ileile ya kituo. Ukipima toleo la kati halafu ukabadilisha kodeki, hujapima kitu. Rudia amri za hatua ya 2 na ya 6. Video ya kwaya ilitoka na YAVG ya nyekundu 0.4 kwenye fremu mbaya kuliko zote, na BRNG ya shoti za nje ikashuka chini ya 0.001. Iliingia mara moja.

Ukikwama

*BRNG ni sifuri lakini RGB bado inakataliwa.* Ulipima luma na kroma tu. Rudi hatua ya 6, upime nyekundu na buluu, na kama kuna taa za zambarau pima kijani pia kwa kuweka `(-0.1873*(cb(X,Y)-128)-0.4681*(cr(X,Y)-128))` mahali pa `1.5748*(cr(X,Y)-128)`.

*Makosa yanatokea fremu moja moja, kwenye mabadiliko ya shoti.* Tazama vimulimuli vyeupe na mipito uliyoweka kati ya shoti. Baadhi ya mipito inajumlisha mwanga wa shoti mbili, na kwa fremu mbili tatu picha inapaa. Hakikisha nodi ya Timeline ipo na imewashwa, maana marekebisho ya klipu mojamoja hayafiki kwenye mpito.

*Makosa yapo kwenye mistari myembamba tu: kamba, matawi, kingo za herufi.* Umeongeza ukali wa picha kupita kiasi. Kunoa picha hutengeneza ukingo mweupe na mweusi kuzunguka kila kitu. Punguza, au weka unoaji kabla ya nodi ya kizuizi.

*Picha inaonekana tofauti kwenye kila programu ya kuchezea.* Achana nayo. Programu za kuchezea zinasoma lebo kwa namna zao, na baadhi hazisomi kabisa. Kama Grey Scale yako ilitoa 64 na 940, faili ni zima.

*Ripoti inataja LUFS.* Hiyo ni sauti, haihusiani na hatua zote za juu. EBU R 128 inataka -23 LUFS kwa kipindi kizima, na kilele cha kweli kisichozidi -1 dBTP. Soma ya kwako kwa amri hii, majibu yako mwishoni:

```
ffmpeg -nostats -i kwaya.mov -filter_complex ebur128=peak=true -f null -
```

Ikisema -16, shusha sauti nzima kwa desibeli 7. Ikisema -29, kupandisha kwa 6 kunaweza kupasua kilele, kwa hiyo pima tena kilele baada ya kupandisha.

*Umepima kila kitu, uko sawa, na bado inarudi.* Muulize fundi wa kituo vitu viwili: mashine yake imewekwa mipaka gani, na inavumilia asilimia ngapi ya eneo la picha. Nimewahi kukuta moja iliyowekwa 0 hadi 100 bila msamaha wowote, wakati karatasi waliyotupa inasema 105. Mtumie muda halisi wa fremu na namba zako, kisha mwambie afungue fremu hiyohiyo upande wake.